Mgonjwa mmoja, sindano moja ya jioni: jinsi ya kulinganisha nadharia ya Orem na ya Roy kwenye karatasi yako

Kila muhula hunijia karatasi za wanafunzi wa uuguzi kutoka pande hizi za Kisumu na Kakamega, na nyingi zina ugonjwa uleule. Kurasa tatu za mwanzo zinaeleza Dorothea Orem alizaliwa lini na Sista Callista Roy alisomea wapi. Kisha mgonjwa anatajwa kwa aya moja, kisha inakuja jedwali la "kufanana na kutofautiana" ambalo lingeweza kubandikwa kwa mgonjwa yeyote duniani. Karatasi yangu ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo, na ilirudishwa. Mwalimu aliandika pembeni swali moja tu: "Mgonjwa wako yuko wapi?"

Mwongozo huu ni wa anayetakiwa kulinganisha nadharia ya Orem ya kujitunza na ile ya Roy ya kukabiliana na mabadiliko. Nitatumia mgonjwa niliyemtunga kutokana na mambo tunayoyaona kliniki ya kisukari kila wiki, na nitang'ang'ania tukio moja katika maisha yake, kwa sababu hapo ndipo tofauti ya nadharia hizi huonekana.

Hatua ya kwanza: chagua tukio, usichague ugonjwa

"Mgonjwa wa kisukari" ni mada pana mno. Unahitaji jambo moja ambalo mgonjwa analifanya au halifanyi, na ambalo unaweza kulithibitisha kwa macho au kwa kipimo.

Mgonjwa wetu ni mama wa miaka 52, muuza omena katika soko la Kibuye. Ana kisukari cha aina ya pili kwa miaka 9. Wiki 3 zilizopita alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti kwa sababu ya kidonda kilichooza. Amerudi nyumbani na insulini ya mchanganyiko, uniti 20 asubuhi na uniti 10 jioni, adunge nusu saa kabla ya kula. Hana friji, kwa hiyo chupa anaiweka kwenye mfuko mkavu ndani ya chungu cha udongo. Anaishi na bintiye aliye kidato cha tatu na wajukuu wawili.

Kwenye daftari lake, sukari ya asubuhi kabla ya kula ni 13.8, 14.1, 13.2. Ile ya jioni kabla ya kula ni 8.1, 7.6, 8.4. Hebu zitazame tena hizo namba. Mchana mambo si mabaya sana, lakini usiku sukari inapanda. Hapo ndipo unapouliza kwa upole, na jibu linatoka: "Sista, ile ya jioni niliiacha. Nilijidunga siku moja, chakula kikachelewa, nikaamka natetemeka nimelowa jasho kama mtu aliyemwagiwa maji." Usiku ule binti alimpima, ikawa 3.1, akamnywesha maji ya sukari.

Tukio letu ndilo hilo: ameacha sindano ya jioni. Karatasi nzima itasimama juu yake.

Hatua ya pili: mpitishe kwenye macho ya Orem

Orem alichapisha kitabu chake kikuu mwaka 1971, na kile tunachokiita nadharia yake kwa kweli ni nadharia tatu zilizoshikana: ya kujitunza, ya upungufu wa kujitunza, na ya mifumo ya uuguzi. Mwanafunzi anayeandika kana kwamba ni moja huishia kuruka ile ya tatu, na ndiyo inayosema muuguzi afanye nini.

Swali la Orem ni la mizani. Upande mmoja weka yote ambayo hali ya mtu huyu inadai yafanywe. Upande wa pili weka uwezo wake wa kuyafanya. Upande wa madai ukizidi, hapo kuna upungufu, na hapo muuguzi ana kazi.

Andika madai kama vitendo. Usiandike "anahitaji lishe bora." Andika: kujidunga mara 2 kwa siku nusu saa kabla ya kula, kula ndani ya muda huo, kukagua wayo wa mguu wa kulia kila siku, hasa kisigino ambacho tayari kina nyufa, kubadilisha bandeji ya kigutu, kutambua dalili za sukari kushuka na kuwa na kitu kitamu karibu. Madai haya Orem anayagawa katika mafungu matatu: yale ya kila binadamu, kama hewa, maji, chakula, kupumzika na kujikinga na hatari, yale ya hatua ya maisha, na yale yaletwayo na ugonjwa. Usiyaorodheshe yote. Kwa tukio letu, fungu la tatu ndilo lenye uzito, na ndani yake mambo mawili yanagongana: kufuata matibabu, na kushughulikia madhara ya matibabu hayohayo.

Sasa pima uwezo. Hapa wanafunzi wengi hukwama, maana huandika "hana elimu ya kutosha" na kusonga mbele. Orem anasema kujitunza kuna hatua tatu ndani yake. Kwanza mtu huchunguza hali na kujua kinachotakiwa. Kisha anapima na kuamua. Kisha anatenda. Mpitishe mama huyu hatua kwa hatua.

Je, anajua? Mwombe akuonyeshe. Anaviringisha chupa viganjani mpaka dawa ichanganyike, anavuta uniti 10 sawasawa, anabadilisha mahali pa kudunga. Anajua pia kwamba kujidunga bila kula ni hatari, tena amelijua kwa mwili wake. Je, anaweza kutenda? Mikono haitetemeki, macho yanaona alama za bomba. Basi ufa uko katikati, kwenye uamuzi. Kila jioni anapima: chakula kitafika saa ngapi leo? Kwa kuwa hajui, anaamua kutojidunga.

Ufa ukishaujua uko wapi, unajua pia tiba ambayo haitafaa. Kumfundisha upya namna ya kujidunga ni kumpotezea muda, ingawa ndivyo karatasi nyingi zinavyopendekeza. Orem ana mifumo mitatu: ule ambao muuguzi anafanya yote, ule wa kusaidiana, na ule wa kuunga mkono na kuelimisha. Kwa sindano, mama yumo katika wa tatu. Lakini mfumo huo una zaidi ya kufundisha: kuna kuongoza, kuna kumtegemeza mtu katika uamuzi, na kuna kumwandalia mazingira. Kwake unahitaji hizo tatu. Kwa bandeji ya kigutu yumo katika mfumo wa kusaidiana. Kwa wayo wa mguu wa kulia, ambao hauoni vizuri akiwa ameketi, binti anaingia kama mtunzaji wa mtu anayemtegemea, na Orem ana nafasi rasmi kwa mtu wa namna hiyo. Mtumie, kwa sababu kwetu mgonjwa hajitunzi peke yake.

Umeona kwamba mgonjwa mmoja yumo katika mifumo miwili kwa siku ileile? Liandike hilo. Mtahini hulitafuta.

Hatua ya tatu: funga karatasi ya Orem, uanze upya na Roy

Nasema ufunge kweli. Ukianza na majibu ya Orem mkononi, Roy atakuwa msemo tu juu ya mawazo ya mwenzake. Dalili yake ni neno "upungufu wa kujitunza" kujitokeza katikati ya sehemu ya Roy.

Roy alichapisha modeli yake kwa mara ya kwanza mwaka 1970. Alikuwa amefanya kazi na watoto wagonjwa, na jinsi walivyoweza kuyapokea mabadiliko makubwa ilimshangaza. Kwake yeye binadamu ni mfumo unaopokea vichocheo na kujibu. Muuguzi anaanza na mwenendo, kisha anatafuta kichocheo kilichouzaa, kisha anakibadilisha kichocheo kile au anauimarisha uwezo wa mtu wa kukipokea. Mpangilio wake una hatua sita: kupima mwenendo, kupima vichocheo, utambuzi, lengo, hatua za uuguzi, na tathmini. Kumbuka kwamba upimaji ni mara mbili. Anayeunganisha hizo mbili hupoteza moyo wa modeli.

Mwenendo unapimwa katika nyanja nne: mwili, taswira ya nafsi, wajibu, na kutegemeana. Usimwage kila ulichokiona. Uliza nyanja kwa nyanja: ni mwenendo gani hapa unaogusa ile sindano?

Kwenye mwili kuna sukari ya asubuhi ya 13 na 14. Kwenye taswira ya nafsi, mama hufunika kigutu kwa leso kila mgeni anapobisha, na hajaenda kanisani tangu arudi. Kwenye wajibu, alikuwa mlishaji wa nyumba na mweka hazina wa chama cha akina mama sokoni. Sasa omena inauzwa na jirani, na daftari la chama liko kwa mwingine. Kwenye kutegemeana kuna jambo ambalo nilitaka ulifikie: chakula kinapoiva saa 3 usiku, wajukuu wanakula kwanza, binti anafuata, yeye anakula kilichobaki.

Hakuna aliyemlazimisha. Ukimuuliza atakwambia, "Mimi sichumi tena, nitakulaje kabla ya watoto?"

Sasa vichocheo. Kichocheo kikuu ni kile kinachomkabili uso kwa uso wakati ule: hofu ya usiku mwingine kama ule wa 3.1, huku chakula hakijulikani kitafika saa ngapi. Vichocheo vya mazingira ni vile vinavyokipa nguvu: chakula kuiva saa 3, kula wa mwisho, kipato kilichokatika, binti kuchelewa kurudi nyumbani kutoka shuleni. Kisha kuna vichocheo vilivyofichika, ambavyo unavihisi lakini hujathibitisha vinachangia nini. Mfano, umesikia jirani akisema watu hukatwa miguu pindi wanapoanzishiwa insulini. Huenda mama analiamini hilo, huenda haliamini. Liweke kwenye vilivyofichika, kisha muulize. Akikubali kwamba linamsumbua, linahama na kuwa kichocheo cha mazingira. Akikataa, lifute. Wanafunzi hugeuza fungu hili kuwa kapu la kubahatisha, wakaandika "imani za kitamaduni" bila kumuuliza mtu neno. Hilo linaniuma, kwa sababu linamfanya mgonjwa aonekane mjinga ilhali hakuna aliyemsikiliza.

Roy anadai pia uamue kama mwenendo unamsaidia mtu au unamdhoofisha. Usikimbilie kujibu. Kuacha sindano kulimkinga mama na hatari ya kweli, kwani insulini ya mchanganyiko bila chakula inaweza kumshusha sukari tena. Uwezo wake wa akili na hisia ulifanya kazi: alijifunza, akapima, akajilinda. Lakini kinga hiyo inampandisha sukari kila usiku, na kidonda cha kigutu hakiponi vizuri sukari ikiwa juu. Ukiandika sentensi mbili za namna hii, kwamba jibu limemfaa kwa usiku mmoja na linamdhuru kwa mwezi, umeshaonyesha kwamba unaielewa modeli.

Lengo kwa Roy hutaja mwenendo, badiliko na muda. Kwa mfano: ndani ya wiki 2, mama atakula saa 1 usiku baada ya kujidunga saa 12:30 jioni, kila siku. Hatua zinagusa vichocheo: zungumza na binti na mama pamoja kuhusu kumtengea sahani yake mapema, hata kama ni ugali na omena za mchana, mweleze daktari au mtabibu wa kliniki kuhusu ile 3.1 ili aangalie kipimo cha jioni, kwa sababu kubadilisha uniti si uamuzi wako; mwombe mhudumu wa afya ya jamii apite jioni mbili tatu za mwanzo.

Hatua ya nne: weka tukio moja mbele ya wote wawili

Hapa ndipo ulinganisho wenyewe, na mimi ningeipa robo ya karatasi. Kwa karatasi ya maneno 2,000, historia ya wananadharia isizidi 150. Mgonjwa apate 250, Orem 450, Roy 500, ulinganisho 500, na yaliyobaki ni ya utangulizi na hitimisho.

Usilinganishe kwa vichwa vinne vya mtu, mazingira, afya na uuguzi peke yake, isipokuwa swali limedai hivyo. Na likidai, kila kichwa kirudishe kwenye sindano. Chukua mazingira: kwa Orem, ile desturi ya kula mwisho inaingia kama mojawapo ya mambo yanayouathiri uwezo wa mtu, pamoja na umri, familia na rasilimali zilizopo. Iko pale, lakini iko pembeni, kama maelezo ya kwa nini mizani imeelemea. Kwa Roy, desturi hiyohiyo ni kichocheo unachoweza kukishika na kukisogeza, na pia ni mwenendo wa mama anayetafuta mahali pake katika nyumba aliyokuwa akiilisha.

Chukua kigutu kilichofunikwa kwa leso. Orem anacho: kuikubali nafsi mpya ni mojawapo ya madai yaletwayo na ugonjwa. Lakini ni mstari mmoja kati ya mingi. Kwa Roy ni nyanja nzima. Sasa fikiria wiki 2 zimepita, sindano 14 kati ya 14 zimedungwa, sukari ya asubuhi imeshuka hadi 7.2, na mama bado hatoki nje. Ukifuata lile dai moja la sindano, tathmini ya Orem inasema upungufu umezibwa. Tathmini ya Roy inasema nyanja ya mwili inaelekea pazuri, ila taswira ya nafsi na wajibu bado. Hiyo ni tofauti ambayo mtahini hawezi kuipata kwenye kitabu, kwa sababu imetoka kwa mgonjwa wako.

Kisha sema udhaifu wa kila mmoja ulivyoujua kwenye kazi hii. Orem alikuonyesha kwa haraka kwamba ufa uko kwenye uamuzi, wala hauko kwenye ujuzi. Lakini hakukusukuma kuuliza nani anakula kwanza. Roy alikufikisha mezani. Lakini nyanja zake zinaingiliana, ukahangaika kama kula mwisho ni wajibu au ni kutegemeana, na katika wadi yenye wagonjwa wengi upimaji wake wa mara mbili unachukua muda. Tena vichocheo vingine, kama kipato kilichokatika, muuguzi hawezi kuvigeuza kwa ziara tatu. Hilo la mwisho liseme waziwazi.

Hatua ya tano: toa msimamo

"Nadharia zote mbili ni muhimu" si msimamo. Msimamo hutaja tukio na sababu. Wangu kwa mama huyu ungekuwa hivi: "Kwa kuwa mama huyu ana ujuzi na nguvu za kujidunga, na kinachomzuia ni mpangilio wa chakula na nafasi yake mpya nyumbani, modeli ya Roy inaongoza vizuri zaidi utunzaji wa sindano ya jioni, nadharia ya Orem inabaki kuwa bora kwa bandeji ya kigutu na ukaguzi wa mguu wa kulia, ambako swali ni nani anafanya nini."

Unaweza kushika upande wa pili. Mgonjwa angekuwa kijana aliyeanzishiwa insulini jana na hajui kuvuta dawa, mimi mwenyewe ningemfuata Orem bila kusita.

Kabla ya kuikabidhi

Chukua kalamu ufiche majina Orem na Roy kila yanapotokea, kisha mpe mwenzako asome. Akishindwa kutambua sehemu ipi ni ya nani, umepamba karatasi kwa majina na hujatumia nadharia. Halafu tafuta kila hatua ya uuguzi uliyopendekeza na uulize imetoka kwenye wazo gani. Ukikuta "elimu ya afya kwa mgonjwa" imekaa peke yake, irudie: elimu ya nini, kwa ufa upi, kwa kichocheo kipi. Mwisho linganisha namba. Kama mwanzoni uliandika 13.8, tathmini lazima iseme ile 13.8 imekuwa ngapi, na jioni ngapi mama alikula kabla ya saa 1 kupita.